Swali Likishaulizwa, Nani Anaanza?

Mwenyekiti alikuwa hajamaliza swali. Alikuwa amefika kwenye "kwa hiyo tunahamia mfumo mpya Jumamosi hii, au...", na Mkuu akaidaka ile "au" kabla haijatua.

"Jumamosi hii hii. Tukichelewa tutajuta."

Mkuu ni jina la utani tu. Hana cheo kinachomzidi mtu yeyote pale mezani. Mimi nilikuwa katibu, na ukatibu una faida yake moja: ukiandika muhtasari unaona nani kasema nini, na kasema wakati gani. Ukurasa wangu wa siku ile unaanza na jina lake na kuendelea nalo mpaka karibu nusu. Wenzetu wengine wanaanza kuonekana katikati, na wanapoonekana hawajibu tena swali la mwenyekiti. Wanagawana kazi: nani atakuja Jumamosi, nani ana funguo, nani atawaandikia wateja.

Tulipofika kwenye mengineyo, dada wa dawati la wateja akainua kalamu kidogo. Akasema ankara za mwezi ule zimeshatoka, na zimechapwa namba za malipo za mfumo wa zamani. Mteja akilipa Jumatatu kwa namba ile, hela itaingia wapi?

Hakuna aliyejua.

Muda ulikuwa umekwisha na watu wameshafunga madaftari. Nikaandika "lifuatiliwe".

Tukiwa tunatoka nikamuuliza, "Dada, hili mbona hukulitoa mwanzoni?"

Akanitazama kidogo. "Mwanzoni ilikuwa lini?"

Jibu hilo limenikaa kichwani wiki hadi wiki, ndiyo maana naandika.

## Nafasi ya kuingilia

Kwa muda mrefu tulikuwa tukisema tatizo la vikao vyetu ni sauti ya Mkuu. Nilipoupitia tena muhtasari wangu, nikaona sauti si hoja. Kuna mwenzetu mwingine anayeongea kwa sauti ya juu kuliko yeye na hajawahi kukibeba kikao. Mkuu anachowazidi wengine wote ni wepesi wa kuanza.

Mwaka 1974 watafiti watatu wa Marekani, Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, walieleza utaratibu ambao watu huufuata wakizungumza bila kufundishwa na mtu. Msemaji akimaliza bila kumteua anayefuata, zamu inakwenda kwa atakayewahi kuanza. Haiangalii nani ana hoja nzito wala nani hajafungua mdomo tangu asubuhi. Kisha mwaka 2009 ukatoka utafiti uliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia. Ulionyesha kwamba kati ya swali na jibu, kwa kawaida, hupita muda mfupi mno, kama sekunde 0.2 hivi. Na kutafuta neno moja tu kichwani, kama kutaja jina la kitu unachoonyeshwa pichani, huchukua zaidi ya nusu sekunde. Maana yake ni kwamba anayejibu papo hapo alianza kuliandaa jibu lake wakati swali bado linaulizwa.

Watu wawili wakipiga soga, hilo halimdhuru yeyote. Lakini mkiwa saba, na swali lenyewe linataka mtu akumbuke ankara zilitoka lini, utaratibu uleule unageuka mbio. Anayehitaji sekunde tano za kufikiri ameshapitwa. Aliyezoea kungoja mpaka mwenzake anyamaze kabisa ndiyo aseme, huyo hata mstari wa kuanzia hauoni.

Ndiyo maana ule ushauri wa kuwaambia wapole "jikazeni, changamkeni" haujawahi kunikaa vizuri. Unawataka wajibu kabla ya kufikiri, ili wafanane na yule tunayemlalamikia.

## Jibu la kwanza haling'oki

Mtu anaweza kusema: sawa, kaanza yeye, lakini wengine si wanaweza kumpinga baadaye? Hata mimi nilidhani hivyo.

Cameron Anderson na Gavin Kilduff waliliangalia jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Waliweka watu katika vikundi vidogo, wakawapa maswali ya hesabu ya kufanya pamoja. Wenye haiba ya kutawala walionekana na wenzao kuwa ndio hodari, ingawa alama zao za hesabu hazikuwa juu kuliko za wengine. Walichofanya zaidi ya wenzao ni kutoa majibu, tena kwa kujiamini. Na katika asilimia 94 ya maswali, jibu la mwisho la kikundi lilikuwa lilelile lililotajwa kwanza.

Hesabu ina jibu moja, na bado watu hawakulipima jibu la kwanza dhidi ya la pili. Sisi tulikuwa na swali lisilo na jibu moja.

Lipo na jingine. Mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus walivipa vikundi kazi ya kumchagua mgombea mmoja kati ya watatu. Taarifa nyingine walipewa wote, nyingine alipewa mtu mmoja mmoja, na mgombea bora alionekana tu endapo vipande hivyo vingeunganishwa. Vikundi vingi vilimkosa. Muda wao ulikwenda kwenye yale ambayo kila mtu alikuwa anayajua tayari.

Mtu akitupa uamuzi mezani kwanza, wenzake hutafuta kichwani vitu vinavyouhusu uamuzi ule. Habari ya ankara haikuhusu "nani ana funguo". Ilihusu swali ambalo halikuwepo tena.

## Dawa zilizokataa

Uhamaji uliahirishwa kwa sababu suala la ankara halikupata jibu. Kwenye vikao vilivyofuata mwenyekiti, ambaye si mtu wa kukaa na tatizo bila kuligusa, akajaribu mambo kadhaa.

Kwanza aliwaasa wote kwa ujumla: "Jamani, tupeane nafasi." Aliyeunga mkono kwa nguvu zote alikuwa Mkuu. Aliunga mkono kwa dakika kadhaa.

Kisha akaanza kuwashtukiza walionyamaza. "Wewe leo kimya sana, unasemaje?" Hapa nilimwona kijana wetu mgeni akikunja karatasi pembe moja, akaikunjua, akaikunja tena. Akasema anaona sawa tu. Mtu akiulizwa namna ile anajua macho ya wote yapo kwake na kwamba ukimya wake umeshafanywa kosa, hivyo atachagua jibu la kumtoa pale haraka.

Halafu akazungusha meza, kila mtu aseme kwa zamu. Hii nilikuwa na imani nayo. Lakini Mkuu hukaa ubavuni kwa mwenyekiti, mzunguko ukaanzia kwake, na waliofuata wote wakawa "naungana na msemaji aliyetangulia", "kwa kuongezea hapohapo". Kila mtu alizungumza, na kilichosikika kilikuwa wazo moja.

Hapo ndipo nilipoelewa tulikuwa tunagawa kitu ambacho si chenyewe. Tulikuwa tunagawa muda wa kusema, wakati kilichokuwa kinatuponyoka ni ile hali ya kila mtu kuwa na wazo lake kabla hajasikia la mwenzake. Hali hiyo ikishapotea, hata ukimpa mtu robo saa, atakachokueleza ni maoni yake kuhusu wazo la Mkuu.

## Kalamu kwanza

Suala la kuhama liliporudi mezani, mwenyekiti alikuwa likizo nikaombwa niendeshe mimi. Nilitumia utaratibu wa zamani ambao Andre Delbecq na Andrew Van de Ven waliutungia vikundi vya kupanga miradi tangu mwaka 1971. Kiini chake ni hiki: watu wanaandika kimya, kisha wanasoma kimoja kimoja kwa zamu, kisha wanafafanua, na mjadala unakuja mwisho.

Kilichonigharimu muda mwingi kuliko vyote ni kuliandika swali. "Tuhame Jumamosi au tusihame?" lingenipa karatasi saba za ndiyo na hapana. Nikaandika ubaoni: "Tukihama Jumamosi, kitu gani kinaweza kuharibika Jumatatu, na wewe umekijuaje?" Kile kipande cha mwisho ndicho kilichofanya kazi. Kinamtaka mtu aseme anachokiona kutoka pale alipokaa yeye, na kwa hilo hahitaji kuwa hodari wa kubishana.

Nikawaambia tuna dakika tano, kila mtu aandike, mimi nikiwemo, na hakuna kuongea. Dakika tano za ukimya kikaoni ni ndefu. Kama katikati hivi Mkuu akacheka akasema, "Hii imekuwa mitihani." Nikamwonyesha saa, akarudi kuandika. Nadhani kama ningejibu ule utani hata kwa neno moja, kazi ingekuwa imeishia pale.

Tukaanza kusoma, kila mtu kitu kimoja. Nilianza na kijana mgeni makusudi, kwa sababu ndiye mwenye kisingizio kikubwa zaidi cha kuungana na aliyetangulia. Mkuu nilimweka mwisho. Niliandika ubaoni maneno ya kila mtu kama alivyoyasoma, bila kuyapamba, na sikuruhusu jibu.

Kijana akasoma kwamba yeye ndiye aliyepewa kazi ya kujaribu kurudisha data kutoka kwenye nakala rudufu, na ilichukua saa tisa. Hakuna kati yetu aliyekuwa anajua kwamba jaribio lile limefanyika. Mhasibu akasoma kwamba hesabu zikiwa hazijafungwa siku ya kuhama, ripoti ya mwezi itakatika vipande viwili. Dada wa wateja akasoma habari ya ankara, safari hii ikiwa bado mapema.

Mkuu akasoma yake ya mwisho. Leseni ya mfumo wa zamani inaisha tarehe 30, na ikipita hapo tunalazimika kuilipia mwaka mzima.

Nilisita na kalamu mkononi. Siku zote zile za "tukichelewa tutajuta" alikuwa na sababu nzuri kabisa, na hakuwahi kuitaja. Hakuna aliyemuuliza. Mtu anayeanza na hitimisho na kulipata bila upinzani hana haja ya kueleza alifikaje. Kwa hiyo ule mtindo wetu ulikuwa umeificha hata taarifa yake yeye.

Baada ya hapo mjadala ulikuwa mfupi na wa amani. Tuanze Ijumaa jioni badala ya Jumamosi. Mhasibu afunge hesabu Ijumaa mchana. Dada wa wateja na kijana waandae orodha ya kuoanisha kila namba ya zamani na mpya, iwe imeingizwa kabla ya Jumatatu. Na tuweke saa ya kurudi nyuma: ikifika saa sita mchana Jumamosi mfumo mpya haujakaa sawa, tunaanza kurudisha wa zamani, na kwa zile saa tisa tutamaliza saa tatu usiku, Jumapili yote ikiwa ya akiba.

Ukiangalia, bado ni wikendi ya kabla ya leseni kuisha, kama alivyokuwa anataka Mkuu. Kilichobadilika ni kila kitu kuizunguka.

## Kuzungumza na Mkuu mwenyewe

Kabla ya kikao kile nilimfuata Mkuu. Hii sehemu watu huiruka, au huifanya mbele za watu, ambako inageuka kumuumbua.

Sikumwambia anaongea sana. Nilimwambia hivi: "Kaka, leo nataka nikuweke mwisho. Ukianza wewe, wengine wanakufuata, na nakosa kujua wanachokijua. Ukifika mwisho, niambie nini hakijatajwa." Ni ombi la kazi, na lenyewe ni la kweli, maana mwenye uzoefu akisikiliza wengine sita ndiye anayeweza kuona pengo.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. "Mimi nikiona watu kimya naona kikao kinakufa. Nasema ili kiende."

Yaani kile tulichokuwa tunakiona kuwa kuteka kikao, yeye alikuwa anakiona kuwa kukiokoa. Tangu hapo nimeacha kudhani kwamba kila mwenye kutawala mazungumzo anataka kutawala. Wengine hawauvumilii ukimya tu, na ukiwaambia mapema kwamba ukimya umepangwa na una mwisho, hutulia.

Kwenye mjadala wenyewe bado hukatiza. Hapo nimejifunza kwamba kumwambia "subiri" humfanya arudie hoja yake kwa nguvu zaidi mara atakapopata mwanya, kwa sababu hana hakika kama ilisikika. Kinachosaidia ni kuirudia kwa sentensi moja na kuiandika anapoona: "Unasema leseni ndiyo inayotubana. Nimeiandika. Dada, ulikuwa unamalizia." Jina la anayerudishiwa zamu lazima litajwe hapohapo. Ukiishia kwenye "nimeiandika", zamu inakuwa wazi, na zamu ikiwa wazi tunajua nani ataiwahi.

Siku ambazo hakuna muda wa karatasi nauliza swali na kuongeza, "Msijibu kwanza." Kisha nahesabu kimoyomoyo. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi, aliona walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakifika sekunde tatu majibu ya wanafunzi yanakuwa marefu na wanaojitolea kujibu wanaongezeka. Sekunde tatu ukiwa mbele ya watu wazima zinatia aibu kidogo. Lakini bila yale maneno "msijibu kwanza" hazifiki hata moja, kwa kuwa Mkuu yupo.

## Yanayonisumbua bado

Kuna vikao ambavyo karatasi zote zinarudi zikifanana. Mwanzoni nilifurahi, nikidhani tumeafikiana. Siku hizi naangalia watu wakati wa kuandika. Kama kalamu zimesimama na macho yanamwendea mtu mmoja, jibu limeshajulikana kabla, pengine lilishasemwa kwenye kundi la simu usiku wa jana. Hapo zoezi zima ni geresha, na ni heri kuliuliza swali jingine.

Halafu kuna wasiosema kwa sababu kweli hawana la kusema kuhusu jambo hilo. Kumlazimisha mtu kama huyo asome kitu ni kukiongezea kikao maneno matupu. Ndiyo maana "pita" ni jibu halali kwangu. Ila nikiona mtu mmoja anapita kikao baada ya kikao, hata kwenye mambo ambayo ni yake kabisa, hapo kuna kitu kingine, na hakitatuliwi kwa dakika tano za kalamu. Mara nyingi alishawahi kusema, na kusema kule kukamletea matatizo.

Na kuna swali ambalo mwenzangu mmoja wa idara nyingine alinitupia nilipomsimulia haya. "Sawa, wewe Mkuu wako ni wa utani. Wetu ni bosi kweli."

Kwake utaratibu huu kama ulivyo unaweza kuwa mtego. Karatasi inayosomwa na mwandishi wake mbele ya bosi aliyekwisha kuonyesha anataka nini si salama kuliko mdomo. Nilichomshauri ni vitu viwili. Karatasi zikusanywe bila majina, zichanganywe, zisomwe na mtu mmoja, ingawa kwenye timu ya watu wanne hati ya mkono humtaja mtu, kwa hiyo hapo zichapwe. Na bosi aombwe kabla, faraghani, amkabidhi mtu mwingine kiti kwa sehemu hiyo ya ajenda na aingie chumbani baada ya yote kuwa ubaoni. Akiwepo wakati watu wanaandika, uso wake tu unatosha kuwapa jibu.

Akaniuliza, na asipokubali kutoka? Nikamwambia basi aombwe angalau aandike la kwake na kulifunika, lifunuliwe la mwisho. Bado sijasikia kutoka kwake kama walifika hata hapo.